Shombo Linalojificha Kwenye Mpira wa Deli

Deli lililobeba samaki huoshwa jioni kwa sabuni, husuuzwa, hupanguswa kwa kitambaa kikavu, na ukilinusa hapo hapo linanukia limau la sabuni. Mfuniko unafungwa. Asubuhi unafunguliwa, na shombo limerudi lote. Wachuuzi wa samaki wa Dar es Salaam wanalijua jambo hili vizuri, na linajulikana pia kwa kila familia iliyowahi kuazima deli la jirani kwa ajili ya soda za harusi, kisha chupa zote zikatoka zinanuka jodari.

Wengi humaliza kwa kulaumu sabuni, wakanunua nyingine yenye manukato makali zaidi. Sabuni kwa kweli haina kosa kubwa. Tatizo ni kwamba shombo si kitu kimoja, wala halikai mahali pamoja. Sehemu yake huondoka kwa sabuni, sehemu nyingine haiguswi na sabuni hata kidogo, na sehemu ya tatu imekaa mahali ambapo dodoki halijawahi kufika, yaani chini ya ule mpira unaozunguka mfuniko.

Kwanza harufu yenyewe. Samaki wa baharini wana kemikali ndani ya nyama yao inayowasaidia kuishi kwenye maji ya chumvi. Samaki akiwa hai, kemikali hiyo haina harufu. Akishakufa, bakteria huanza kuivunja, na kinachotoka ni trimethilamini, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo sana. Trimethilamini huchemka kwenye nyuzi joto 3 hivi. Hiyo ndiyo sababu deli lililojaa barafu halinuki sana, na lile lile likipigwa na joto la mchana linakuwa halikaribiki: kilichokuwa kimetulia kwenye matone ya maji kimegeuka hewa na kutoka. Papa na taa wana lao la ziada, kwa kuwa miili yao imejaa urea, nayo ikivunjwa na bakteria hutoa amonia. Aliyewahi kubeba papa mbichi kwenye deli lisilo na barafu ya kutosha anajua macho yanavyowasha.

Mafuta nayo yana harufu yake. Vibua, jodari na dagaa wana mafuta mengi kwenye nyama, na mafuta ya samaki huharibika upesi yakikutana na hewa. Hapo hutokea harufu nzito ya uchachu, inayofanana na ya mafuta ya kukaangia yaliyosahaulika kwenye kikaango. Tofauti na trimethilamini, ambayo huyeyuka vizuri kwenye maji, mafuta yanaipenda plastiki. Hujipaka ukutani, huingia kwenye mikwaruzo, na yakiachwa siku kadhaa huanza kunyonywa na plastiki yenyewe.

Kwa hiyo kuna maadui wawili, na kila mmoja ana silaha yake. Mafuta huondolewa na sabuni. Trimethilamini huondolewa na tindikali, yaani siki, ndimu au limau, kwa sababu yenyewe ni ya upande wa magadi: ikikutana na tindikali hugeuka chumvi, chumvi hiyo hairuki hewani, na kisichoruka hewani hakifiki puani. Kisha maji yanaichukua. Wapishi wa pwani wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani kila wanapomkamulia samaki ndimu kabla ya kumkaanga, na mikono iliyoparua samaki husuguliwa ganda la ndimu kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu. Sabuni ya unga ya kufulia iko upande wa magadi. Inapomwagwa kwenye deli lenye shombo, harufu huongezeka ghafla badala ya kupungua, na anayeosha hudhani sabuni ni feki. Kilichotokea ni kwamba sabuni imeifungua trimethilamini iliyokuwa imeshikamana na unyevu na kuiachia iruke. Si dalili mbaya. Inaonyesha tu kwamba shombo bado limo, na kwamba sabuni peke yake haitalimaliza.

Tuchukue deli la mama mmoja anayenunua vibua Feri alfajiri na kuwatembeza Mwananyamala. Ni la lita 60, la bluu kwa nje na jeupe kwa ndani, lenye mpira wa kijivu kwenye mfuniko na kizibo cha kutolea maji chini ubavuni. Jumamosi jioni lilibaki na vibua wachache na barafu iliyoanza kuyeyuka. Jumapili kulikuwa na msiba. Jumatatu mchana lilipofunguliwa, yale maji yalikuwa mekundu na mazito, na majirani walitoka nje.

Mama alifanya kile ambacho karibu kila mtu angefanya: alichemsha maji, akayamwaga ndani yakiwa ya moto, akasugua kwa waya wa sufuria na sabuni ya unga. Maji yanayochemka ndiyo kosa la kwanza. Damu na ute wa samaki ni protini, na protini ikiunguzwa huganda kama ute wa yai kwenye sufuria. Uchafu ambao ungetoka kwa maji baridi sasa umegandia kwenye kila mkwaruzo. Maji ya moto sana pia huweza kukunja ukuta mwembamba wa ndani, na deli lililokunjika halifungi tena vizuri. Waya nao uliacha mistari mipya kwenye plastiki, na kila mstari ni mfereji ambao mafuta ya samaki wa kesho yataingia.

Siku tatu baadaye shombo lilikuwepo bado. Aliyeligundua lilipokaa alikuwa fundi wa majokofu wa mtaa ule, ambaye kazi yake humfanya aangalie mipira ya milango kabla ya kitu kingine. Aliinamia mfuniko, akakunjua mdomo wa mpira kwa kidole gumba, akakipeleka kidole puani.

“Shikamoo, mama. Umefagia nyumba, kizingitini hujafika.”

“Marahaba, mwanangu. Huo mpira si umeshikana na mfuniko?”

Haukuwa umeshikana. Kwenye madeli mengi yenye mpira, mpira umesukumizwa tu ndani ya mfereji mwembamba unaozunguka mfuniko, na hutoka kwa kuvutwa. Umetengenezwa ukiwa na mikunjo na uwazi ndani ili ubonyee mfuniko unapofungwa. Kila deli linapoinamishwa au kubebwa kwenye bodaboda, maji yenye damu na mafuta hurukia juu, yanaingia kwenye mikunjo hiyo, kisha yanateremka kwenye mfereji ulio nyuma yake. Hapo hapana hewa wala jua, na hapakauki. Bakteria hawahitaji zaidi ya hayo.

Kabla ya kuanza kuosha upya, inafaa kujua shombo linatoka wapi hasa, maana deli lina makazi manne ya harufu: ukuta wa ndani, mpira pamoja na mfereji wake, kizibo cha kutolea maji, na povu gumu lililojazwa katikati ya kuta mbili ili kuzuia joto. Kuna njia rahisi ya kutenganisha. Mpira unavutwa na kutiwa kwenye ndoo ndogo safi yenye mfuniko. Kizibo kinafunguliwa na kutiwa kwenye kopo jingine. Deli lenyewe linafungwa likiwa tupu. Vyote vitatu vinaachwa juani nusu saa, kisha vinafunguliwa kimoja kimoja. Joto litakuwa limefukuza harufu kutoka mahali pake, na kila kimoja kitajieleza.

Anayenusa asiwe mwenye deli. Pua inayoshinda na samaki kutwa huacha kulisikia shombo, na mchuuzi anaweza kuapa kwa dhati kwamba deli ni safi wakati abiria wenzake kwenye daladala wanafungua madirisha. Mtoto aliyetoka shule au jirani asiyeuza samaki ataamua vizuri zaidi.

Kwa deli la Mwananyamala, ndoo ya mpira ilinuka vibaya kuliko deli lenyewe. Kizibo kilinuka pia. Deli tupu lilinuka kwa mbali, ile harufu ya mafuta. Hakuna maji yaliyosikika yakitikisika ndani ya kuta, na hiyo ilikuwa habari njema, kwa sababu tutakazozifikia.

Kazi ilianza saa mbili asubuhi ili jua la mchana litumike kukausha.

Mwanzo ni maji baridi peke yake, bila sabuni: kumwagia, kusugua kwa dodoki au sponji laini, kumwaga, na kurudia mpaka maji yatoke meupe. Hatua hii huonekana ya kijinga na wengi huiruka, lakini ndiyo inayoondoa damu na ute kabla havijagandishwa na kitu chochote. Deli lililokwisha kuunguzwa kwa maji ya moto, kama hili, linahitaji kulowekwa. Linajazwa maji ya bomba hadi kiasi cha nusu, kuta za juu zinafunikwa kwa matambara yaliyolowa, na linaachwa saa mbili ili ile protini iliyoganda ilainike.

Wakati deli limelowa, mpira ndio unaoshughulikiwa, na mtu asiwe na haraka nao. Kuutoa huanzia kwenye kona. Vidole vinatosha, kisu au bisibisi hutoboa, na mpira uliotoboka hunywa maji ndani yake na haukauki tena. Kabla ya kuuvuta, weka alama ya chaki au uzi upande unaotazama mbele, kwa kuwa mipira mingi ina kona zisizolingana. Ukikuta umebandikwa kwa gundi, usiulazimishe. Uoshwe ukiwa hapo hapo kwenye mfuniko, mfuniko ukiwa umegeuzwa ili maji yasiteremke ndani.

Mpira uliotoka unalowekwa dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji ya vyombo. Uvuguvugu maana yake mkono unakaa humo bila shida. Sabuni ya vyombo inafaa kuliko ya unga kwa sababu imekusudiwa mafuta ya chakula na haiachi chembe kwenye mikunjo. Kisha unachukuliwa mswaki wa zamani na mpira unafunguliwa mkunjo kwa mkunjo, urefu wake wote. Pale mswaki usipoingia, kijiti cha mshikaki kilichoviringishiwa kitambaa kitaingia. Kijiti hicho hicho kinapitishwa kwenye mfereji wa mfuniko, na hapo ndipo watu hushtuka: kinachotoka ni uji wa kahawia wenye magamba, pengine wa miezi mingi. Kwenye deli la mama yule, kitambaa kilibadilishwa mara nyingi kabla hakijatoka kikiwa safi.

Kizibo nacho kina mpira wake mdogo wa duara, na nyuzi za kuzungushia. Huoshwa kwa mswaki ule ule, na tundu lenyewe linasuguliwa kwa ndani hadi upande wa pili.

Deli likishalowekwa na maji kumwagwa, kuta zake zinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hiyo hiyo ya vyombo, sasa kwa lengo la kuondoa mafuta. Mtihani wa mafuta uko kwenye kidole. Ukuta ukimwagiwa maji safi na kidole kikipitishwa kisiteleze, mafuta yameondoka. Kidole kikiteleza mahali fulani, mafuta bado yapo na sabuni irudiwe hapo. Sehemu za kuangaliwa kwa makini ni kona za chini, kingo za juu zinazokutana na mpira, na upande wa ndani wa mfuniko, ambao husahaulika kwa kuwa samaki hawaugusi. Samaki hawaugusi, ila mvuke na matone yao yanaufikia.

Baada ya kusuuza sabuni yote ndipo siki inakuja. Mpangilio huu una maana. Siki ikiwekwa juu ya mafuta haipiti, na siki ikichanganyika na sabuni ya magadi, vyote viwili hudhoofishana. Kwa deli la lita 60 hakuna haja ya kulijaza. Lita moja ya siki nyeupe ya dukani ikichanganywa na lita moja ya maji inatosha, ila haimwagwi tu ikaishia sakafuni. Matambara ya pamba yanalowekwa humo na kubandikwa kwenye kuta zote nne, mengine yanatandikwa chini na moja linafunika upande wa ndani wa mfuniko. Deli linafungwa kwa saa moja. Matambara huishikilia siki ukutani muda wote huo, hata kwenye kuta zilizosimama wima ambako ingeteremka kwa dakika moja. Mpira na kizibo vinalowa nusu saa kwenye bakuli la mchanganyiko huo huo. Visikae usiku kucha, kwa sababu mpira laini haupendi tindikali ya muda mrefu.

Asiye na siki anaweza kutumia ndimu, kwa sharti kwamba maji yake yachujwe vizuri. Nyama ya ndimu na sukari iliyomo zikibaki kwenye mikunjo ya mpira zitakuwa chakula kipya cha bakteria. Unga wa asidi ya limau, unaopatikana kwenye maduka ya vifaa vya kuokea, ni safi zaidi na hauna harufu yake: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji.

Kisha maji mengi. Ile chumvi iliyotengenezwa na siki haiondoki yenyewe, na ikibaki, sabuni ya kesho itaigeuza kuwa shombo upya. Hii ni mojawapo ya sababu kwamba mtu anaweza kutumia siki, akafurahi siku moja, kisha akarudi kulalamika. Suuza mara tatu, na mara zote tatu ufungue tundu la kizibo ili maji yapite humo.

Na jiki? Hapa inabidi kwenda polepole, kwa kuwa watu wengi huanza nayo. Jiki huua bakteria na kuvu vizuri, lakini haiondoi mafuta, na mahali penye uchafu nguvu yake huishia kwenye uchafu huo kabla ya kuwafikia bakteria. Ikikutana na amonia au na mabaki ya samaki yenye shombo, hutoa hewa kali inayochoma koo. Ikikutana na siki hutoa klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Kwa hiyo jiki haichanganywi na siki wala kumwagwa juu yake, na haitumiwi kabla deli halijawa safi na kusuuzwa kabisa. Kwa deli la nyumbani linalobeba samaki mara moja moja, inaweza kuachwa. Mchuuzi anayebeba samaki kila siku anaihitaji. Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 hutiwa vijiko vinne vya chakula kwenye lita 10 za maji baridi. Iliyo kali zaidi hupunguzwa, na nguvu yake imeandikwa kwenye lebo. Hupakwa kila mahali, hukaa dakika 10, kisha husuuzwa. Kuipitisha kipimo hakufanyi deli liwe safi zaidi. Kunaufanya mpira ukakamae, na kunaanzisha kutu kwenye skrubu za bawaba.

Madoa meusi kwenye mpira ni kuvu. Baada ya jiki hufa, ingawa weusi unaweza kubaki kwa sababu rangi imeshaingia ndani ya mpira. Doa lisilonuka na lisilotoka kwenye kitambaa cheupe liachwe. Mpira wa kuuogopa ni ule unaonata vidoleni au wenye nyufa ndogo unapokunjwa. Huo umekwisha, na hautakuwa safi hata ukioshwa kutwa. Kuna njia rahisi ya kujua kama bado unafunga: chana ukanda wa karatasi, ubane kwenye mfuniko uliofungwa, kisha uvute. Ukitoka bila upinzani, hewa nayo inapita hapo. Fanya hivyo kwenye pande zote nne. Ukiwa umepinda tu bila kuchakaa, kuulaza kwenye maji ya moto kiasi kwa dakika chache huurudishia umbo.

Kukausha ndiko kunakoamua kama kazi yote imefaa. Deli linageuzwa kifudifudi juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini, kizibo kikiwa wazi, kwa saa mbili tatu. Jua husaidia kwa kukausha na kwa mionzi yake, ila lina kiasi. Madeli ya bei nafuu yakiachwa juani siku nzima tena na tena hufifia, hukakamaa na kupasuka, na mfuniko ulioachwa juani ukiwa umelala vibaya hujikunja. Mpira unaning'inizwa kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huuharibu kabla ya plastiki. Usirudishwe mpaka mfereji uwe mkavu kwa kitambaa. Unaporudishwa, kona nne huingizwa kwanza, kisha katikati ya kila upande, ndipo sehemu zilizobaki. Ukianza upande mmoja na kuzunguka, utaufikisha mwisho ukiwa umevutika na kona moja ikakataa kuingia. Wapo wanaoupaka mafuta ya mgando au ya kupikia ili uteleze. Mafuta ya kupikia yatachacha, na ya mgando hukusanya vumbi na huweza kulainisha mpira wa aina fulani kupita kiasi. Maji kidogo yanatosha.

Jioni ile deli la Mwananyamala lilifungwa tupu na kulala ndani. Asubuhi liliwekwa juani nusu saa likiwa bado limefungwa, kisha jirani akaitwa. Shombo kali la mpira lilikuwa limekwisha. Iliyobaki ilikuwa ile harufu ya mafuta, hafifu, kutoka kwenye ukuta wa chini wenye mikwaruzo ya waya.

Harufu hiyo ndiyo isiyotaka haraka, kwa sababu mafuta yameshaingia kwenye plastiki na yanatoka kidogo kidogo. Hapa bikabonati, ile soda ya unga ya keki na maandazi, ina kazi yake. Haimalizi trimethilamini, kwa kuwa zote mbili ziko upande wa magadi, lakini tindikali zenye harufu zinazotokana na mafuta yaliyochacha inazituliza. Unachanganya na maji kidogo mpaka iwe uji mzito, unaupaka penye mikwaruzo, unaacha usiku kucha na kuosha asubuhi. Ifanywe siku tofauti na siki. Wanaopenda kuzichanganya kwa ajili ya kuona povu wanapata povu tu, maana kila moja imeimaliza nguvu ya mwenzake.

Baada ya hapo deli linabaki na kitu cha kunyonya. Makaa ya kupikia yasiyowahi kuwashwa, kilo moja hivi ndani ya kitambaa, yanasaidia kiasi. Makaa maalumu yanayowekwa kwenye vichujio vya maji hunyonya zaidi kwa sababu yana vitundu vingi zaidi. Magazeti makavu yaliyofinyangwa na kubadilishwa kila siku hufanya kazi ya karibu hivyo, na hayana gharama. Unga wa kahawa hufunika tu. Deli linanuka kahawa na samaki kwa pamoja, jambo ambalo si nafuu. Mama aliweka makaa kwa juma zima huku deli likiachwa wazi mchana, na mwisho wa juma jirani alisema hasikii kitu.

Tangu hapo vibua wake hawalali tena moja kwa moja kwenye plastiki. Anawaweka kwenye beseni la kina kifupi lililotoboka chini, linaloingia ndani ya deli na kutoka lote jioni kuoshwa peke yake, na barafu iliyoyeyuka inateremka chini yake na kutoka kwa kizibo badala ya kuwalowesha samaki. Mpira anaupangusa kila jioni kwa kitambaa cha siki. Kuutoa wote anafanya mara moja kwa wiki. Na deli halifungwi likiwa tupu: kipande cha mti kinawekwa ukingoni ili mfuniko usishuke.

Lipo deli ambalo hakuna kati ya haya litakalolisaidia. Likitikiswa husikika maji ndani ya kuta, au limekuwa zito kuliko zamani likiwa tupu, au likilazwa ubavu maji ya kahawia yanachuruzika kwenye tundu la skrubu ya bawaba. Maana yake kuna ufa mahali, na mchuzi wa samaki umeingia kwenye povu la katikati. Povu lililonywa maji halikauki kwa jua la nje, na pia haliwezi tena kuzuia joto, ndiyo maana barafu huyeyuka humo mapema. Wapo mafundi wanaotoboa tundu dogo chini, wakaliacha deli lidondoke kwa wiki kadhaa kisha wakaziba kwa silikoni. Uzito hupungua. Shombo kwa kawaida halipungui, kwa sababu hakuna sabuni wala siki inayoweza kuingia humo na kutoka tena.

Deli la namna hiyo lisirudi kubeba chakula. Linafaa kuwekea nyavu, vyombo vya ufundi au mbolea ya bustani. Kabla halijaenda huko, mpira wake kama bado ni laini utolewe, uoshwe kama ilivyoelezwa na kuhifadhiwa mahali penye giza ukiwa umenyooka. Kupata mpira peke yake dukani ni kazi ngumu, na deli la jirani la aina hiyo hiyo huenda litauhitaji.